Kesi 23 za nyoka, maneno 250: ikisiri ya kuwasilisha kwa mdomo inaandikwaje

*"Shikamoo Dokta. Niko hospitali ya wilaya, tumekusanya wagonjwa 23 walioumwa na nyoka ndani ya miezi 18, wanne walifariki. Antivenomu walipata 9 akafa mmoja, 14 hawakupata wakafa watatu. Kile kipimo cha dakika 20 cha kuganda kwa damu tulikifanya kwa 19. Nataka kuomba nafasi ya kuwasilisha kwa mdomo kwenye kongamano, mwisho maneno 250, mimi nimefika 410 na nusu yake ni utangulizi. Mwenzangu anasema bila p valyu hawachukui, na kwenye hitimisho niseme antivenomu inapunguza vifo. Jedwali nimeambatanisha. Nianzie wapi kukata?"*

Marahaba. Jedwali nimelipitia mstari kwa mstari. Kabla hujakata hata neno moja, toa kwanza hilo hitimisho la antivenomu, manake ndo linalokula maneno yako: utangulizi mrefu umeuandika ili kulitetea, na bado halitetewi.

Angalia hivi. Waliopata dawa amekufa 1 kati ya 9, yaani asilimia 11, wasiopata wamekufa 3 kati ya 14, asilimia 21, na kwa macho inaonekana dawa imekata vifo karibu nusu. Sasa fungua hao 14 ni kina nani. Kwenye jedwali lako 8 ni watu ambao damu yao ilipoachwa dakika 20 kwenye chupa iliganda vizuri, hawakupewa dawa kwa sababu hawakuihitaji. Wawili ni wale waliofika wamechoka kabisa wakafariki ndani ya saa moja hata kabla ya kupimwa. Hao unawaandika "hawakupata antivenomu" lakini kilichotokea ni kwamba kifo kilitangulia, dawa haikupata muda wa kuwafikia. Wanne waliobaki, wawili dawa iliwaishia na wawili walikosa chupa ya kupimia. Na ukigeuza upande wa pili, kila mmoja kati ya wale 9 alishapita mtihani wa kwanza, aliishi mpaka dawa ikatoka famasi ikachanganywa ikaingia mshipani. Kwa hiyo kundi moja limejaa watu walioishi vya kutosha kupewa dawa, na kundi lingine ni mchanganyiko wa wagonjwa wepesi sana na mahututi sana. Hayo makundi mawili huwezi kuyalinganisha, na hata ungekuwa na kesi 200 tatizo lingebaki palepale.

Na hiyo p valyu anayoitaka mwenzako nimeihesabu. Kwa kipimo cha Fisha, 1 kati ya 9 dhidi ya 3 kati ya 14 inakupa p sawa na 1. Ukiiweka umewaambia wahakiki mambo mawili kwa mpigo, kwamba hakuna tofauti iliyoonekana na kwamba hukujua swali hilo halikuwa la kuuliza. Mfululizo wa kesi hauna kundi la kulinganisha, kazi yake ni kueleza, na kongamano nyingi zinazopokea aina hii ya kazi hazidai p valyu. Kinachowafanya wahakiki waweke alama ya chini ni pale mtu mwenye kesi 23 anapoandika "inapunguza", "inasababisha", "ina ufanisi".

Haya, sasa una nini cha kusema? Unacho kitu kizuri na umekificha kwenye safu ya tisa ya jedwali. Wagonjwa 19 walipimwa, 11 damu haikuganda, na kati ya hao 11 kuna watano ambao umeandika hakuna damu iliyokuwa inatoka popote wakati wanapimwa, si kwenye fizi, si kwenye mkojo wala kwenye kidonda. Tena 12 kati ya vipimo 19 vilifanywa na wauguzi muda ambao maabara imefungwa. Hapo ndipo ilipo hotuba yako! Mtu aliyeko hospitali kubwa yenye maabara saa zote hawezi kukuletea hiyo stori, wewe unaweza. Ukumbini watakaa watu ambao wiki ijayo usiku wataletewa mtu kaumwa na nyoka, anaonekana mzima, na hawana wa kumpigia simu maabara. Wanataka kujua kama chupa ya kioo na saa ya ukutani vinaweza kuwasaidia na kwa kiasi gani.

Ukishaipata hiyo sentensi, andika ikisiri kuanzia nyuma. Hitimisho kwanza, sentensi mbili tatu. Halafu matokeo, na humo weka tu namba ambazo hitimisho linazihitaji pamoja na zile ambazo bila hizo msomaji atahisi anafichwa kitu. Halafu mbinu, na humo eleza jinsi kila namba ilivyopatikana. Utangulizi unaandikwa mwisho na kwa maneno 250 unatosha ukiwa na maneno 30 mpaka 40. Ile aya yako ya kwamba kuumwa na nyoka ni tatizo kubwa duniani na WHO iliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017 ni kweli tupu lakini atakayehakiki anaijua, ikate yote.

Sasa nikae kidogo kwenye hesabu ya wagonjwa, manake hapa ndipo mhakiki makini anapoanzia kusoma. Umeandika "wagonjwa 23 walichunguzwa". 23 kati ya wangapi, na waliingiaje? Kuna tofauti kubwa kati ya kuchukua kila aliyeandikwa kwenye rejista ndani ya miezi 18 mfululizo na kuchukua wale ambao madaktari wanawakumbuka. Tunaowakumbuka ni waliokufa na waliopona kwa miujiza, wale wa katikati wanapotea. Kwenye jedwali lako nimeona umefanya vizuri, umepitia rejista ya wagonjwa wa nje na ya wodi, ukakuta 31, watatu ukawatoa kwa sababu hawakuwa na alama ya meno wala uvimbe, na 5 faili zao hazikuonekana. Hayo yote kwenye ikisiri hukuyaandika hata neno! Yaandike. Wengi wanaogopa kutaja faili zilizopotea wakidhani zinawaaibisha, lakini msomaji akiona 31 wakawa 23 na kila mmoja ana maelezo anakuamini kwa yote yanayofuata. Na atafanya hesabu mwenyewe kichwani: hao watano kama wote walipona vifo ni 4 kati ya 28, asilimia 14, kama wote walikufa ni 9 kati ya 28, asilimia 32. Wewe ukisema "vifo asilimia 17.4" kwa uhakika wa mpaka desimali, utaonekana hujaliona hilo.

Hapohapo kwenye asilimia, ukiwa na watu 23 andika namba yenyewe kwanza, 4 kati ya 23. Desimali ziache. Ukipenda kuonyesha jinsi ilivyo na mashaka, mpaka wa uhakika wa asilimia 95 kwa 4 kati ya 23 unaanzia kama asilimia 7 unafika kama 37, upana wote huo, kwa hiyo usijenge hoja juu yake. Na muda wa kufika hospitali tumia mediani, yule wa katikati ukiwapanga wote kwa mstari, manake una mmoja aliyekuja baada ya masaa 52 na huyo peke yake anauvuta wastani wote juu.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujatuma, wale 8 ambao damu iliganda. Kipimo hiki kinakamata sumu inayoharibu mgando wa damu tu. Kuna nyoka wa jamii ya swila na koboko ambao sumu yao inapooza, kope zinaanguka, mgonjwa anashindwa kumeza halafu kupumua, na damu yake kwenye chupa inaganda bila shida. Ukiandika kwamba waliogandisha hawakupewa dawa bila kusema kama walikuwa na dalili za kupooza, kuna mtu atanyoosha mkono dakika hiyohiyo ukumbini, na ana haki. Nimeona umeandika hakuna aliyekuwa nazo na wote waliruhusiwa wakiwa hai, basi hiyo inaingia, haikatwi hata ukikosa nafasi. Vilevile sema chupa ilikuwa ya kioo. Kwenye plastiki mgando hauamshwi vizuri, na kioo kilichooshwa kwa sabuni ya unga kinaweza kufanya damu ya mtu mzima wa afya isigande, yaani unaweza kupata wagonjwa ambao hawapo. Mhakiki anayejua kipimo hiki atatafuta neno "kioo" kwanza.

Nimekuandikia ya mfano kwa namba zako, irekebishe kwa sauti yako:

Kichwa: Kipimo cha kuganda kwa damu cha dakika 20 kikifanywa na wauguzi kwa walioumwa na nyoka: mfululizo wa wagonjwa 23 katika hospitali moja ya wilaya

Utangulizi: Sumu ya baadhi ya nyoka huharibu mgando wa damu kabla mgonjwa hajaanza kutoka damu. Maabara yetu hufungwa usiku. Tunaeleza wagonjwa waliopimwa na wauguzi kando ya kitanda.

Mbinu: Tulipitia rejista za wagonjwa wa nje na wodi za miezi 18 mfululizo na kuchukua kila aliyeandikwa kuumwa na nyoka akiwa na alama za meno au uvimbe. Mililita 2 za damu ya mshipa ziliachwa dakika 20 bila kuguswa kwenye chupa ya kioo safi na kavu, kisha chupa ikainamishwa mara moja. Antivenomu ilikusudiwa kwa ambaye damu haikuganda au mwenye dalili za kupooza. Kibali cha maadili kilipatikana.

Matokeo: Kati ya 31 walioandikwa, faili 5 hazikupatikana na 3 hawakutimiza vigezo, wakabaki 23. Mediani ya muda hadi kufika ilikuwa masaa 7 (1 hadi 52). Walipimwa 19, kati yao 12 maabara ikiwa imefungwa. Damu haikuganda kwa 11, na 5 kati ya hao hawakuwa wakitoka damu popote. Kati ya 11, walipata antivenomu 9, na 2 walikosa kwa kuwa iliisha. Wagonjwa 8 ambao damu iliganda hawakuwa na dalili za kupooza, hawakupewa antivenomu, na wote waliruhusiwa wakiwa hai. Wanne hawakupimwa: 2 walifariki ndani ya saa moja, 2 walikosa chupa. Vifo vilikuwa 4: hao 2 ambao hawakupimwa, 1 aliyekosa antivenomu na 1 aliyeipata.

Hitimisho: Wauguzi waliweza kufanya kipimo hiki bila maabara, na kilionyesha wagonjwa 5 ambao damu haikuganda ingawa hawakuwa wakitoka damu. Wagonjwa ni wachache na hakuna kundi la kulinganisha, hivyo athari yake kwa vifo haijulikani. Wawili walikosa kipimo kwa kukosa chupa. Chupa za kioo ziwe sehemu ya vifaa vya chumba cha dharura.

Bila kuhesabu kichwa iko chini ya 250 na imebaki nafasi kidogo ya kupumua. Pima kwa kidole: kila kitu kilichoko kwenye hitimisho rudi nyuma ukitafute kwenye matokeo. "Bila maabara" iko, ni wale 12. "Wagonjwa 5" wapo. Chupa za chumba cha dharura zimetoka kwa wale wawili waliokosa. Kama kuna pendekezo lisilo na mgonjwa nyuma yake, kwa mfano ile sentensi yako ya kwamba serikali iongeze bajeti na jamii ielimishwe, toa, hata kama unaliamini kwa moyo wote, manake ikisiri yako haikupima elimu ya jamii. Na usije ukaandika "matokeo yatajadiliwa", ikisiri ya namna hiyo wengi wanaikataa bila kusoma zaidi.

Vifo umeona nimevigawa kimoja kimoja. Kwa idadi ndogo hivi ndo njia ya uaminifu zaidi, msomaji anaona mwenyewe nani alikufa katika hali gani na halazimiki kukubali asilimia zako. Ila kuna mpaka hapo. Kwenye jedwali una mjamzito mmoja, umeandika umri, kijiji na mwezi aliofariki, na hiyo usiipeleke popote. Wilaya ni ndogo, kitabu cha ikisiri kinawekwa wazi mtandaoni, na jina la hospitali litatokea kwenye anwani yako hata kama kwenye maandishi umeandika "hospitali moja ya wilaya". Ndugu zake watamjua kwa sentensi moja. Mambo ya mgonjwa mmoja mmoja yabaki ya kitabibu, umri na kijiji vitoke. Picha za vidonda za kuonyesha siku ya uwasilishaji nazo zinataka ridhaa ya maandishi ya mgonjwa mwenyewe au ya familia.

Kuhusu kwa mdomo dhidi ya bango, wengi wanadhani ya mdomo inapewa utafiti mkubwa na bango ni la wadogo. Wanaochagua wanajiuliza zaidi kama jambo hili linasikilizika, yaani kama kuna uzi mmoja mtu anaweza kuufuata kwa dakika kumi au chini ya hapo na kama kuna kitu watu watataka kubishana baada yake. Ikisiri yenye mambo sita, aina za nyoka, majira ya mwaka, matibabu ya kienyeji, antivenomu, vifo, kukatwa viungo, inafaa bango kwa sababu mtu anasimama anachagua cha kusoma. Yako ikibaki kwenye kipimo peke yake inasikilizika. Najua inauma kuyaacha yale mengine uliyoyakusanya kwa shida, lakini yatakuwa na nafasi kwenye makala kamili. Kwenye fomu chagua ya mdomo halafu kama kuna kisanduku cha kukubali bango endapo nafasi zimejaa, kiwekee alama, si udhaifu.

Fomu zenyewe zina mitego midogo. Nyingine zinahesabu kichwa na majina ndani ya maneno 250, nyingine hazihesabu, soma maelekezo yao. Ukibandika kutoka kwenye Word alama kama ≥ zinaweza kugeuka viulizo, basi andika "au zaidi". Kama uhakiki ni wa kuficha majina, "hospitali yetu ya" fulani ndani ya maandishi inaweza kukutoa. Vifupisho acha, jina refu la kipimo linafupika kwa urahisi ukikiita "kipimo" tu baada ya kukitaja mara ya kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo mi siwezi kukumalizia kwa maandishi. La kwanza ni kibali. Kwenye jedwali sijaona namba ya kibali cha maadili, na kwenye mfano nimeandika kilipatikana kwa kudhani kipo. Kama hakipo usiandike hivyo na usitume, nenda mwenyewe kwa katibu wa kamati ya maadili inayohusika na hospitali yenu ukiwa na karatasi moja ya maelezo. Kwa mapitio ya faili za nyuma kuna kamati zenye njia fupi au zinazotoa msamaha wa ridhaa, ila uamuzi ni wao na unatoka kabla, hautafutwi baada ya ikisiri kukubaliwa.

La pili ni rejista ya chumba cha maiti. Umepitia ya nje na ya wodi tu, na aliyeletwa akiwa ameshafariki anaweza kuwa hayumo kwenye zote mbili. Kaa na msimamizi wa kumbukumbu mpekue miezi ileile 18. Ukikuta hata wawili, hesabu ya juu kabisa inabadilika, 31 inakuwa 33, na vifo vinabidi viandikwe upya, walioletwa wamekufa peke yao na waliofia hospitalini peke yao. Ukishapata hiyo namba mpelekee rasimu yule muuguzi wa zamu aliyefanya vipimo vingi vya usiku, jina lake liwepo kati ya waandishi kama amekusanya data na yuko tayari kuipitia na kuiidhinisha, na umuulize swali moja: chupa zilikuwa zinaoshwa na nini.